Mhimili au mhandisi? Kikande, mkoko na kaa wa pwani ya Mombasa

Nikisoma mapendekezo ya miradi ya vikundi vya vijana, kuanzia Mikindani na Tudor hadi Mtwapa, nakutana mara kwa mara na sentensi hii: "Mikoko ni spishi mhimili wa pwani yetu." Kwenye insha za wanafunzi wa vyuo mambo ni yale yale, ila huko mkoko unaweza kuwa mhimili kwenye aya ya kwanza na mhandisi wa ikolojia kwenye aya ya tatu, kana kwamba hayo ni majina mawili ya kitu kimoja. Si kitu kimoja. Na tofauti yake haiishii kwenye chumba cha mtihani, kwa sababu ukimpa kiumbe jina lisilo lake, utamhifadhi kwa njia isiyomfaa.

Spishi mhimili ni ile ambayo athari yake kwa viumbe wenzake ni kubwa kupita kiasi ukilinganisha na uchache wake. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Kuwa na athari kubwa hakutoshi. Lazima athari iwe kubwa huku kiumbe mwenyewe akiwa haba. Chumvi kwenye sufuria ya pilau ni kidogo mno, lakini ukiisahau kila mlaji atajua. Mchele nao ukiusahau hakuna pilau, ila mchele ndio uliojaza sufuria. Mhimili ni chumvi.

Mhandisi wa ikolojia ni kiumbe anayebadilisha hali ya mahali penyewe: anachimba, anajenga, anazuia maji, anatia kivuli, anashika tope. Kwa mabadiliko hayo viumbe wengine wanapata makao au wanayakosa. Fasili hii ilitolewa mwaka 1994 na wanasayansi watatu, Clive Jones, John Lawton na Moshe Shachak, na waliweka mpaka mmoja ambao naona unafaa kushikwa vizuri. Kiumbe akiliwa, huo si uhandisi. Jani la mkoko likidondoka na kaa akalitafuna, mkoko umetoa chakula tu. Mizizi ya mkoko ikipunguza kasi ya maji hadi tope likatua, hapo mkoko umefanya kazi ya mhandisi.

Kwa hiyo jina la kwanza linajibu swali la kiasi: athari ni kubwa kadiri gani kwa kila kilo ya kiumbe huyu? Jina la pili linajibu swali la njia: athari inapitia wapi? Maswali mawili, na kila kiumbe anaweza kuulizwa yote mawili. Anaweza kujibu ndiyo kwa moja, kwa yote, au asijibu ndiyo hata kwa moja. Mkanganyiko wote niliouona unatokana na watu kudhani ni swali moja lenye majibu mawili.

Tuanze na mhimili, na historia yake ni fupi. Mwaka 1963, kwenye ufuo wa mawe wa Ghuba ya Makah, jimbo la Washington nchini Marekani, mtafiti Robert Paine alichagua kipande cha mwamba kinachofunikwa na kufunuliwa na maji, akawa anaondoa kila kiti cha pweza anayemkuta na kumtupa mbali baharini. Kipande cha jirani alikiacha kama kilivyo ili apate cha kulinganishia. Mwanzoni palikuwa na spishi 15 alizozihesabu. Viti vya pweza walipoondoka, kome walianza kusambaa wakishika kila nafasi, na wengine wakakosa pa kukaa. Alipochapisha matokeo mwaka 1966, zilikuwa zimebaki 8. Mwaka 1969 ndipo alipotumia jina la mhimili kwa mara ya kwanza. Kiti cha pweza hakuwa amejenga chochote pale mwambani. Kazi yake ilikuwa kula, na aliyemla zaidi ni yule ambaye angewashinda wengine wote kwa nafasi.

Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kwenda Washington kumtafuta mhimili. Yuko nje ya Nyali na Bamburi, kwenye mwamba wa matumbawe unaofunuka nusu wakati wa bamvua. Kuna samaki mmoja wa jamii ya kikande, wa kijani kibichi kilichoelekea weusi, aliyechorwa mistari ya rangi ya chungwa inayokwenda mshazari mwilini. Hafiki hata sentimita 35 kwa urefu. Mdomo wake ni mdogo lakini meno yake ni kama patasi, na usiku hujipenyeza kwenye tundu la mwamba akasimamisha mwiba wake wa mgongoni hata usiweze kumvuta. Chakula chake kimoja muhimu ni nungu wa bahari, yule mviringo mwenye miiba anayewachoma miguu watu wanaotembea mwambani bila viatu.

Samaki wengi hawamwezi nungu. Jamii ya kikande wanamweza, kwa sababu wanajua kumgeuza. Wanampulizia maji kwa mdomo, au wanamshika mwiba mmoja na kumpindua, hadi upande wa chini wenye miiba mifupi uwe juu. Kisha wanavunja. Ukiogelea ukakuta ganda la nungu limefunguka upande wa mdomo na limesafishwa ndani, kuna uwezekano mkubwa kuwa samaki wa namna hiyo alipita.

Utafiti wa Tim McClanahan na Nyawira Muthiga kwenye miamba ya Kenya, ulioanza miaka ya 1980, ulionyesha kinachotokea samaki hao wakivuliwa hadi wakapungua. Miamba ya wazi kama Diani, Kanamai na Vipingo ilijaa nungu kwa wingi ambao haukuonekana kabisa ndani ya hifadhi za zamani za Malindi, Watamu na Kisite. Nungu aliyetawala zaidi ni yule mdogo anayejichimbia kwenye mwamba na kufukuza wenzake kutoka kwenye tundu lake. Wakizidi, nungu hawa wanakwangua mwamba usiku na mchana wakitafuta mwani, na wanapokwangua mwani wanakwangua na mawe ya matumbawe. Mwamba unalika kuliko unavyojengwa. Matumbawe machanga hayapati pa kushika. Pono na samaki wengine wala mwani wanakuta chakula kimeshaliwa.

Yote hayo yanatokana na kupungua kwa samaki ambaye, ukipima samaki wote wa mwamba ule, ni sehemu ndogo sana. Hiyo ndiyo alama ya mhimili.

Wataalamu wana njia ya kuliweka jambo hili kwenye hesabu, na ni hesabu ya darasa la sita. Unachukua kiasi ambacho kitu fulani kimepungua baada ya kiumbe kuondoka, kwa mfano idadi ya spishi, unakigawanya kwa idadi ya mwanzo, kisha jibu unaligawanya kwa sehemu ya uzani wa jamii nzima iliyokuwa ya kiumbe huyo. Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, mwamba una spishi 20 na samaki mlaji ni asilimia 1 ya uzani wote. Ukimwondoa zinabaki 12. Zimepotea 8 kati ya 20, yaani 0.4. Gawanya kwa 0.01, unapata 40. Sasa chukua msitu wenye spishi 20 ambao miti ya aina moja ni asilimia 90 ya uzani. Iondoe miti hiyo, zibaki spishi 4. Zimepotea 16 kati ya 20, yaani 0.8, hasara mara mbili ya ile ya mwanzo. Lakini gawanya kwa 0.9, unapata chini kidogo ya 1. Jibu likikaribia 1, kiumbe ana athari inayolingana na uzito wake. Likipita 1 kwa mbali, una mhimili mkononi.

Hapo ndipo mkoko unapotoka kwenye orodha ya mihimili. Nimewaona watu wakikasirika nikiwaambia hivyo, kana kwamba nimeutukana. Mkoko haukushushwa cheo. Athari yake ni kubwa mno, pengine hakuna kubwa zaidi ufuoni kwetu, lakini mkoko wenyewe pia ndio umejaa pale. Ndio mchele wa sufuria ile. Umuhimu wake unaelezwa vizuri zaidi na jina la pili.

Ingia kwenye mkondo wa Tudor maji yakiwa yamekupwa uone mhandisi anavyofanya kazi. Upande wa maji mengi inatangulia mililana, mizizi yake ya kupumulia ikiwa imechomoza kwenye tope kama vigingi. Nyuma yake mikoko yenyewe, imesimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Ndani zaidi kuna muia na mkandaa, na mchu unaokubali chumvi nyingi. Maji ya kujaa yanapoingia humo yanakatwa mwendo na maelfu ya mizizi. Maji yenye kasi hubeba tope. Maji yaliyotulia huliachia. Kila bamvua inaacha utando mwembamba wa udongo, na baada ya miaka ardhi imeinuka. Vifaranga vya kamba na samaki wanajificha humo mahali ambapo samaki wakubwa hawapenyi. Hakuna kati ya haya kinachohitaji mkoko uliwe au ule. Mwili wake tu kusimama pale unatosha, na ndiyo maana wanasayansi wanamweka kwenye kundi la wahandisi wanaojenga kwa miili yao wenyewe, pamoja na matumbawe.

Mhandisi ana udhaifu ambao mhimili hana, na mkondo wa Mwache ulituonyesha. Mvua za El Ninyo za mwaka 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kutoka bara, ukamwagika kwenye mikoko ya Mwache. Miti inayoishi kwa kushika tope ilifunikwa na tope. Mizizi inayopumua hewa kwa vinyweleo vyake ilizikwa, na eneo kubwa la mikoko likakauka likiwa limesimama. Hapakuwa na shoka wala ugonjwa. Kilichobadilika ni mwendo wa maji na udongo, jambo lenyewe ambalo mhandisi hulishughulikia, ila safari hii lilipita uwezo wake. Mtu aliyeandika kwenye mpango wake kwamba mikoko ni mhimili atafikiria kuzuia ukataji peke yake. Aliyeandika kwamba ni wahandisi atatazama pia mashamba ya juu ya mto, makalvati, barabara zinazoziba mkondo, na kina cha udongo unaotua kila mwaka.

Kuna dalili nyingine inayowatenganisha hawa wawili, nayo ni muda. Mhimili akiondoka, kazi yake inakoma siku hiyo hiyo, hata kama matokeo yatachelewa kuonekana. Kikande aliyevuliwa asubuhi hatamgeuza nungu jioni. Mhandisi anaacha kazi yake nyuma. Joto la bahari la mwaka 1998 liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya pwani yetu, lakini mifupa yake iliendelea kusimama, na samaki wadogo waliendelea kujificha kwenye matawi yaliyokufa hadi mawimbi na nungu walipoyavunja. Na kwa mfano mkubwa zaidi, kisiwa chenyewe cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyokua bahari ilipokuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Kuta za Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593, na nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe hayo. Wahandisi wale wamekufa zamani, na jiji zima limekaa juu ya kazi yao.

Kwa hiyo ukitaka kujua upesi kama unamtazama mhandisi, jiulize: akifa leo, je, kesho bado kuna kitu alichokiacha ambacho wengine wanakitumia au kinawazuia? Shimo, ukuta, kivuli cha gogo, tope lililoshikwa?

Mpaka hapa mambo ni mepesi. Ugumu unaanza kwa kaa.

Kaa wa mikoko, wale wekundu na wa kahawia wanaokimbilia shimoni ukipiga hatua, ni wahandisi bila ubishi. Wanachimba. Chukua jembe dogo, kata tope la msituni hadi kina cha mkono, ulitazame kwa karibu kabla halijakauka. Mahali pasipo na shimo tope ni jeusi na linanuka kama yai viza, kwa sababu halina hewa na vijidudu vyake vinatoa salfaidi, sumu kwa mizizi. Mahali penye shimo la kaa utaona mviringo wa rangi ya kutu umezunguka ukuta wa shimo, wenye unene wa milimita chache. Hiyo ni kutu kweli: chuma kilichomo kwenye tope kimekutana na oksijeni iliyoingia kwa njia ya shimo. Kila maji yakijaa, shimo linapitisha maji mapya. Yakikupwa, linapitisha hewa. Kaa hakuumba mwili wake uwe jengo kama mkoko. Yeye anahamisha vitu, na kundi hili la wahandisi ndilo wanalowekwa wachimbaji wote, pamoja na biva, mnyama wa mito ya nchi za kaskazini anayeangusha miti na kujenga mabwawa.

Je, kaa ni mhimili pia? Mwaka 1991 Thomas Smith na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kaskazini mwa Queensland, Australia. Waliwaondoa kaa kwenye vipande vya msitu wa mikoko na kuacha vingine kama vilivyo. Palipokosa kaa, salfaidi na amonia zilipanda kwenye udongo, na miti ikakua kidogo na kuzaa kidogo kuliko ile ya jirani. Uzani wa kaa ukiuweka kwenye mizani pamoja na uzani wa msitu, ni kama hakuna kitu. Athari kubwa, mwili mdogo. Wenyewe waliwaita kaa mihimili, na mimi naona walikuwa sahihi, japo njia ya athari yao ni ya kihandisi tupu. Kaa anajibu ndiyo kwa maswali yote mawili.

Anaongeza na la tatu: anakula. Huko Gazi, kusini mwetu, watafiti wameeleza jinsi kaa wanavyotafuna miche ya mikoko inayodondoka, hata kuamua ni aina gani ya mti itaota wapi. Kwa hiyo kaa mmoja anagusa msitu kwa kinywa na kwa makucha ya kuchimbia. Ukitaka kusema ni mhimili, sema ni kwa njia ipi. Wanaopanda mikoko wanalijua jambo hili hata kama hawatumii majina haya. Mama mmoja wa kikundi cha upandaji aliniuliza kama ni vyema kuwanasa kaa kwanza ndipo wapande.

"Wanamaliza miche, mwanangu. Tunapanda leo, kesho tunakuta vijiti."

Nikamwambia, "Mama, ukiwatoa wote, miche itakayopona itakua kwenye tope lisilo na hewa."

Alifikiri kidogo, akasema basi watapanda miche iliyokomaa kitaluni, yenye shina gumu, na kuwaacha kaa. Jibu lake lilikuwa bora kuliko langu. Kaa huvutiwa zaidi na mche mchanga, na ulinzi wa miezi ya mwanzo ndio unaohitajika.

Sasa mtego. Nungu wa bahari anakwangua mwamba, anachimba mashimo, anabadilisha mwamba kuwa mchanga. Ni mhandisi, tena wa kubomoa. Uhandisi si lazima uwe wa kujenga. Athari yake pale alipozidi inaonekana hata kwa mtu asiye mtaalamu. Ndipo wengine wanamwita mhimili. Lakini athari hiyo inakuja akiwa ameshakuwa wengi mno. Akiwa wachache, kama ndani ya hifadhi ya zamani, hageuzi mambo. Athari yake inakwenda sambamba na wingi wake, kwa hiyo kwenye hesabu yetu hafiki mbali. Aliyeshika kamba ni kikande.

Na kosa la kumwona nungu kuwa mhimili lina gharama. Anayeamini hivyo atapendekeza kuwaokota nungu, awaponde, mwamba upone. Jaribio la kuwapunguza nungu kwa mkono lilifanywa kwenye miamba ya Kenya miaka ya 1990. Palipokuwa na samaki wachache wa kula mwani, mwani ulishika nafasi iliyoachwa na nungu, jambo lisilofaa matumbawe. Kumwondoa nungu bila kurudisha samaki ni kubadilisha tatizo.

Kabla sijafika kwenye kuchagua, niseme mipaka ya jina la mhimili, kwa sababu linapendwa na linatumiwa ovyo. Mhimili ni mhimili wa mahali. Yule yule kiti cha pweza wa Paine, alipochunguzwa Oregon, alikuwa na nguvu kwenye miamba inayopigwa na mawimbi, na athari yake ikawa dhaifu penye maji yaliyotulia ambapo kome hawakuongezeka kwa kasi na mambo mengine, kama mchanga kuwafukia, yalitangulia kuwaua. Hivyo kuandika "kikande ni spishi mhimili" bila kusema wapi ni kuandika nusu ya sentensi. Andika: kikande ni mhimili kwenye miamba ya maji yasiyo na kina kirefu, penye nungu wengi. Kwenye nyasi bahari, au kwenye kina kirefu, itabidi uthibitishe upya.

Tembo wa Shimba Hills huulizwa kila mara. Anaangusha miti, anafungua msitu kuwa mbuga, anachimba maji: mhandisi, hakuna shaka. Wengi humwita mhimili pia. Kwa maoni yangu hapo tuwe waangalifu, kwa kuwa tembo ni mzito, na kundi lake ni sehemu kubwa ya uzani wa wanyama wa mahali pake. Inategemea unagawanya kwa nini: kwa idadi ya vichwa au kwa kilo. Kwa vichwa, ni mhimili. Kwa kilo, ushahidi unahitajika. Mimi ningeandika mhandisi, nikaishia hapo.

Haya, umekaa na karatasi ya mradi au swali la insha, na una kiumbe mmoja. Utachaguaje?

Anza na njia, si kiasi, kwa kuwa njia huonekana kwa macho. Nenda mahali penyewe maji yakiwa yamekupwa, utazame kiumbe anagusa nini. Kama anagusa wenzake tu, kwa kuwala, kuwashindania au kuwachavusha, swali la uhandisi limekwisha. Kama anagusa udongo, maji, mwanga au nafasi, ni mhandisi, na unaweza kuliandika jina hilo bila jaribio lolote kubwa. Ila sema kwa uwazi anabadilisha nini na nani anafaidika au kuumia. "Mhandisi" bila kazi iliyotajwa ni pambo tu.

Kiasi ndicho kigumu. Jina la mhimili linadai kulinganisha mahali alipo na mahali asipokuwepo, vingine vyote vikiwa sawa kadiri inavyowezekana. Si kila mtu anaweza kuondoa viti vya pweza kwa miaka mitatu, na kwa kweli kuwaondoa wanyama wetu adimu si jambo la kujaribu. Hifadhi zinatusaidia hapo. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986, lakini uvuvi ulikoma kwa dhati mwanzoni mwa miaka ya 1990, na miamba ya jirani iliendelea kuvuliwa kwa malema, mishipi na juya. Hiyo ni jozi tayari. Hesabu kikande, hesabu nungu kwenye fremu za ukubwa mmoja pande zote mbili, pima sehemu ya mwamba iliyofunikwa na matumbawe hai, rudia msimu wa kaskazi na wa kusi. Angalia pia kama kina na mkondo wa maji vinafanana, maana tofauti ya bahari yenyewe huweza kujifanya kazi ya samaki. Ukikosa ulinganisho wa namna hiyo, andika "inakisiwa kuwa mhimili", na hakuna atakayekulaumu.

Jina likishapatikana, linakuelekeza kwenye kazi. Kwa mhimili unasimamia idadi ya kiumbe mwenyewe: kikande asivuliwe, na wavuvi wa malema wakubali kumrudisha majini akiwa hai, maana mara nyingi huingia mtegoni kwa uchokozi wake na uroho wa chambo. Halafu unasubiri. Kikande anarudi polepole hata ndani ya hifadhi, kwa zaidi ya muongo mmoja, kwa hiyo mradi wa miaka miwili usiahidi kwamba nungu watapungua. Uahidi kuhesabu kikande.

Kwa mhandisi, idadi peke yake haitoshi. Unaweza kuwa na miche elfu kumi kwenye tope lisilo sahihi, ikafa yote ndani ya kusi moja. Unasimamia maji, udongo na kile ambacho kiumbe anajenga, na unapima kazi yake: kina cha tope kwenye kigingi kilichowekwa alama, idadi ya mashimo ya kaa kwa mita ya mraba, rangi ya udongo ulioukata. Mti uliosimama bila kushika tope bado haujawa mhandisi, na mikoko iliyopandwa safu moja mbele ya mawimbi, pale ambapo haikuwahi kuota yenyewe, mara nyingi ndivyo ilivyo hadi inapong'oka.

Na kwa kiumbe aliyejibu ndiyo mara mbili, kama kaa, fanya yote mawili na uyaandike kando kando kwenye mpango, kila moja na kipimo chake.